Maelezo ya sauti kwenye filamu fupi: msimulizi anapataje nafasi kati ya maneno ya waigizaji?

Mtengenezaji wa filamu fupi akiambiwa kwamba filamu yake inahitaji maelezo ya sauti kwa ajili ya watazamaji wasioona, mara nyingi hufanya moja ya mambo mawili. Ama hutuma faili la maandishi yanayopita chini ya picha, ama humpa mtu mwenye sauti nzuri mswada wa filamu na kumwomba asome sehemu zote zisizo mazungumzo. Maandishi ya chini humsaidia asiyesikia, au asiyejua lugha inayosemwa. Kwa asiyeona ni kama hayapo. Nao mswada uliandikwa kwa ajili ya waigizaji na mpiga picha kabla filamu haijapigwa. Una mambo ambayo hayamo tena kwenye picha, hauna yaliyozaliwa siku ya kupiga, na hausemi lolote kuhusu sekunde.

Tuanze na maana. Maelezo ya sauti ni sauti ya ziada inayosema kwa ufupi yale yanayoonekana kwenye picha na ambayo sikio peke yake haliwezi kuyajua: nani ameingia, yuko wapi, anafanya nini, uso wake umebadilikaje, ni maandishi gani yameandikwa kwenye barua anayoishika. Mtazamaji asiyeona anasikia filamu yote kama wengine, pamoja na mazungumzo, muziki na milio, kisha anapata sentensi fupi pale ambapo picha inabeba jambo. Kazi hii ilianza kupata utaratibu kwenye jukwaa la michezo ya kuigiza. Mwaka 1981, katika ukumbi wa Arena Stage mjini Washington, Margaret Pfanstiehl, ambaye mwenyewe hakuwa na uwezo wa kuona, pamoja na Cody Pfanstiehl, walianzisha huduma ya kuwasimulia watazamaji wasioona mambo yanayotendeka jukwaani. Baadaye njia hiyo ikaingia kwenye televisheni na sinema.

Ukitaka kuielewa kazi yenyewe, fikiria umekaa mkutanoni na mwenzako ambaye ameketi nyuma ya nguzo, haoni mbele. Unataka kumwambia kinachoendelea, lakini naye anataka kumsikia anayehutubia. Kwa hiyo unangoja msemaji avute pumzi, unanong'ona maneno machache, unanyamaza. Mwandishi wa maelezo hufanya hivyohivyo, ila yeye anajua mapema kila pumzi iko sekunde ya ngapi. Nafasi hizo kati ya mazungumzo huitwa mapengo, na karibu ugumu wote wa kazi umo humo.

Hatua ya kwanza, basi, ni kutazama filamu mara kadhaa na kuandika mapengo: linaanza wapi, linaishia wapi, na ndani yake kuna mlio gani. Kazi hii isifanywe kabla mhariri hajafunga picha. Mhariri akikata sekunde 2 tu mwanzoni baada ya maelezo kurekodiwa, kila sentensi inayofuata itachelewa sekunde 2 na kumwangukia mwigizaji mdomoni. Kwenye filamu ya dakika 9 yenye mapengo ya sekunde 3 au 4, hitilafu hiyo inaharibu karibu kila kitu.

Hatua ya pili ni kujua msomaji wenu ana kasi gani. Miongozo ya Kiingereza hutaja maneno kama 160 kwa dakika. Hesabu hiyo haitufai, kwa sababu neno letu moja linaweza kuwa "mto", silabi mbili, au "anawafungulia", silabi saba. Ni afadhali kuhesabu silabi. Mpe msomaji ukurasa, asome kwa dakika moja kwa mwendo ambao msikilizaji anaufuata bila kukimbizwa, kisha hesabu silabi na ugawanye kwa 60. Tuseme msomaji wetu anapata silabi 5 kwa sekunde. Toa robo sekunde mwanzoni mwa pengo na robo nyingine mwishoni, ili sauti yake isigusane na ya mwigizaji. Pengo la sekunde 3.5 linabaki na sekunde 3, yaani silabi 15. Hiyo ndiyo karatasi uliyopewa kuandikia.

Sasa tuchukue onyesho moja la mfano, la sekunde 30 hivi. Ndugu wawili, Rehema na kaka yake Yona, wameingia chumbani kwa mama yao aliyefariki. Hivi ndivyo linavyokwenda. Kuanzia sekunde ya 0 hadi ya 7 hakuna anayesema: mlango unalia, hatua zinasikika, Rehema anafungua pazia, Yona anaketi kitandani. Sekunde ya 7 hadi ya 12 wanazungumza. Rehema anasema, "Mama hakubadilisha kitu." Yona anasema, "Hata saa yake kuukuu bado ipo." Kuanzia ya 12 hadi ya 15.5 kimya; Yona anainua mto na kukuta bahasha iliyoandikwa jina la Rehema. Sekunde ya 15.5 hadi ya 21 Rehema anasema akiwa ametazama nje, mgongo kwa kaka yake: "Nakumbuka alivyokuwa akiketi hapa dirishani jioni, na picha yetu mkononi." Wakati huohuo, nyuma yake, Yona anaisukuma bahasha ndani ya shati. Kimya tena hadi sekunde ya 23.5, Rehema anageuka. Anauliza, "Kuna kitu umekiona?" Swali linaisha sekunde ya 25. Kinafuata kimya cha sekunde 3, saa ikigonga. Yona anajibu, "Hapana."

Anayeona anajua kwamba Yona anadanganya. Hilo ndilo onyesho zima. Ukiliondoa, wamebaki watu wawili wakizungumza juu ya saa na picha. Kwa hiyo kabla ya kuandika sentensi yoyote, mwandishi anajiuliza: kufikia lile neno "Hapana", msikilizaji lazima awe anajua nini? Jibu ni mambo matatu. Kuna bahasha, imeandikwa jina la Rehema, na Yona ameificha. Mengine yote yanasubiri nafasi.

Tazama pengo la kwanza. Lina sekunde 7, na kishawishi ni kulijaza. Rasimu ya kwanza ya watu wengi ingekuwa hivi: "Chumba cha kulala cha zamani chenye kuta za kijani. Rehema, aliyevaa gauni jeusi, anafungua pazia zito. Yona anaketi taratibu kitandani." Isome kwa sauti ukiangalia saa. Inapita sekunde 10 na kumkatiza Rehema katikati ya sentensi yake. Pia inafunika mlio wa mlango na hatua, vitu ambavyo sikio lingevielewa lenyewe bila msaada. Acha mlango ulie. Anza sekunde ya 2: "Rehema anafungua pazia. Yona anaketi kitandani." Ni silabi 21, sekunde 4 na ushee. Neno "kitandani" limekwisha kusema kwamba hiki ni chumba cha kulala, na limemweka Yona karibu na mto kabla mto haujahitajika. Rangi ya kuta imeachwa kwa kuwa hakuna jambo linaloitegemea.

Hapo kuna watakaouliza kama rangi zina maana yoyote kwa asiyeona. Zina maana. Wengi wanaotumia maelezo haya wana uoni kidogo, au waliwahi kuona zamani, na hata aliyezaliwa haoni anajua nguo nyeusi humaanisha nini msibani. Kama gauni jeusi la Rehema ni alama ya kwamba mazishi yamepita leo, litajwe, ila litafutiwe pengo onyesho moja nyuma, akiwa bado anatembea njiani na hakuna anayesema. Kutaja mambo mapema pale penye nafasi, ili yawe tayari kule mbele kusiko na nafasi, ni sehemu kubwa ya ufundi huu.

Pengo la pili lina silabi 15. Sentensi inayokuja yenyewe ni "Yona anainua mto. Chini yake kuna bahasha yenye jina la Rehema." Ina silabi 26, haingii. Ukimwambia msomaji aharakishe, itaingia, lakini msikilizaji atapata kelele za maneno badala ya habari, tena katika jambo lililo muhimu kuliko yote. Kinachopunguzwa ni maneno, kasi inabaki ileile. Je, kuinua mto ni lazima? Mkono umeinua mto ili bahasha ionekane, na bahasha ndiyo tunayoihitaji. "Chini ya mto, bahasha: Rehema." Silabi 11. Imebaki nafasi ya silabi 4, na hapo nafsi inavutwa kuongeza kivumishi. Ningeiacha. Jina lililosomwa kwenye bahasha linahitaji sekunde nusu ya kutua kabla Rehema mwenyewe hajaanza kusema.

Sasa tumefika kwenye fundo. Tendo la kuficha linatokea Rehema akiwa anasema, na hakuna pengo. Zipo njia tatu. Ya kwanza ni kusema juu ya maneno yake. Hilo linaruhusiwa pale tu maneno yanapokuwa hayana uzito, kama salamu za watu wengi kwa pamoja au kibwagizo kilichokwisha kusikika; kumbukumbu ya mama haimo humo. Ya pili ni kusema mapema, ndani ya pengo lililotangulia, kabla tendo halijatokea. Kutangulia kwa sekunde moja au mbili si dhambi, lakini hapa msikilizaji angejua uongo wa Yona kabla ya anayeona, na pengo lenyewe limeshajaa. Ya tatu ni kuchelewa: kusubiri Rehema amalize, kisha kusema katika zile sekunde 2.5 kabla ya swali. Hapa ya tatu ndiyo bora, kwa sababu jambo linafika kabla ya "Hapana", na hilo ndilo lililokuwa sharti.

Kwa kawaida maelezo huandikwa kwa wakati uliopo: anafungua, anaketi, anageuka. Lakini tendo limekwisha, na kusema "anaificha" kungempa msikilizaji picha ya mtu anayeficha kitu wakati dada yake anageuka kumtazama, jambo ambalo halikutokea. Kiambishi -me- kinatuokoa: "Yona ameificha." Silabi 7, zinaingia vizuri. Ila rudi usome tena alichosema Rehema sekunde moja nyuma. Alimalizia na "picha yetu mkononi". Msikilizaji asiyeona aliyesikia "picha", halafu akasikia "ameificha", atadhani Yona ameficha picha, kwa sababu picha na bahasha zinachukua kiambishi kilekile. Kwa hiyo jina la kitu lirudi: "Yona ameficha bahasha." Silabi 9, na pengo hili likishaondolewa pumzi zake linachukua 10. Imeingia.

Hatari ya namna hiyo iko pia kwa watu. "Anamtazama" haisemi nani anamtazama nani, na kwa kuwa viambishi vyetu havitofautishi mwanamke na mwanamume, onyesho la watu wawili tu linaweza kumpoteza msikilizaji. Dawa yake ni kurudia majina mara nyingi kuliko unavyoandika hadithi. Kwenye karatasi inachosha, lakini masikioni, mazungumzo yakipita katikati, haichoshi. Na kama filamu haijamtaja mtu kwa jina kwa makusudi, maelezo yasilitoe siri hiyo. Mwite "mwanamume mwenye kofia" hadi filamu itakapomtaja.

Kinabaki kimya cha sekunde 3 kabla ya jibu. Kwa hesabu zetu hapo pana nafasi ya silabi 12 au zaidi, na ndipo waandishi wapya hukosea kuliko popote. Wataandika "Yona anatazama chini kwa hatia." Kuna makosa mawili hapo. Hatia ni hukumu. Kinachoonekana ni macho yaliyoshuka, na msikilizaji ana haki ya kuhukumu mwenyewe kama mtazamaji mwingine yeyote. Kosa kubwa zaidi ni kwamba kimya hicho tayari kina mtu ndani yake. Mwongozaji amemfanya Yona achelewe kujibu, saa kuukuu iliyotajwa mwanzo inagonga, na anayejua habari ya bahasha anausikia uongo ukiandaliwa. Hapo maelezo yananyamaza. Pengo kuwa tupu kwenye orodha yako hakumaanishi ni tupu kwenye filamu, na ningependa kila mwongozaji aketi na mwandishi wa maelezo walau mara moja amwonyeshe ni vimya vipi asivyotaka viguswe.

Kuna filamu ambazo njia hizi zote hazitoshi: watu wanasema mfululizo, na picha nayo imejaa. Kwa hizo upo msaada wa nje ya filamu, yaani utangulizi wa sauti. Ni rekodi ya dakika moja au mbili inayosikilizwa kabla ya kuanza, ikieleza wahusika wanavyoonekana, mahali palivyo na mtindo wa picha. Kwenye filamu fupi unafaa sana, maana wahusika ni wachache na mahali ni pamoja au pawili. Upo pia mtindo wa kuisimamisha picha maelezo yanaposemwa, kisha inaendelea. Miongozo ya WCAG ya kufikisha maudhui ya mtandaoni kwa watu wenye ulemavu inautambua, lakini inauweka kwenye kiwango cha juu kabisa, AAA, na pale tu mapengo yasipotosha. Maelezo ya kawaida ndani ya mapengo yako kiwango cha AA. Kwa filamu ya mafunzo mtindo huo wa kusimamisha ni mzuri. Kwa hadithi kama ya Yona ungevunja mwendo wa onyesho, na usingeweza kutumika mahali ambapo anayeona na asiyeona wanatazama pamoja.

Kurekodi hakuhitaji mengi: chumba kisicho na mwangwi, maikrofoni moja, na sauti isiyofanana na ya mwigizaji yeyote. Kama Rehema ana sauti nyembamba ya kike, msomaji mwenye sauti nzito atamwezesha msikilizaji kutofautisha mara moja nani yumo ndani ya filamu na nani yuko nje yake. Msomaji asiigize, wala asisome kama anatangaza matokeo. Afuate hali ya onyesho bila kulitangulia.

Kinachoharibika mara nyingi ni uchanganyaji wa sauti. Filamu inapaswa kushushwa kidogo msomaji anaposema, kisha irudishwe. Kwa onyesho tulivu kama hili, kushusha desibeli 6 hivi kunaweza kutosha; penye muziki mkubwa utahitaji zaidi. Anza kuishusha kama nusu sekunde kabla ya neno la kwanza na irudishe polepole baada ya la mwisho. Ukiikata ghafla, muziki utasikika ukipanda na kushuka kama unahema, na msikilizaji ataisikia mashine badala ya filamu. Sentensi mbili zikikaribiana, acha sauti ikae chini katikati yake badala ya kuipandisha kwa sekunde moja. Na mlio unaobeba habari, kama mlango wetu, usishushwe kamwe, sogeza sentensi.

Jaribio la mwisho haliwezi kufanywa na mwandishi akiwa amefumba macho, kwa sababu tayari anajua kilichomo kwenye bahasha ya kila onyesho. Linahitaji mtu asiyeona ambaye hajawahi kuisikia filamu, na bora zaidi awe mshauri anayelipwa tangu mswada wa maelezo unapoandikwa. Usimuulize kama ameipenda. Mwombe akusimulie onyesho. Akisema "Yona alikuta barua ya dada yake, akaificha, halafu akakataa", mapengo yamefanya kazi. Akisema Yona aliificha baada ya kuulizwa, sentensi ya tatu imechelewa au haikusikika. Akisema alificha picha, unajua ni neno gani la kurudishwa. Akisema hakuwa na nafasi ya kusikiliza saa, umezungumza mno.

Kisha lipo suala la kufikisha. Kwenye sinema maelezo hupelekwa peke yake, bila sauti ya filamu, katika chaneli ya 8 ya sauti ya faili la kidijitali la ukumbini, na mtazamaji huyasikia kwenye vipokea sauti vya masikioni huku filamu ikimfikia kupitia spika za ukumbi kama wengine. Mtandaoni kinachohitajika ni mkondo wa pili wa sauti ambamo filamu na maelezo vimekwisha kuchanganywa, au nakala ya pili ya filamu pale jukwaa lisipokubali mikondo miwili. Kwa vyovyote vile, mkondo huo upewe jina linalojieleza, kama "Kiswahili – maelezo ya sauti", na kitufe cha kuuchagua kiweze kufikiwa kwa kibodi na kusomwa na programu ya kusoma skrini. Filamu nyingi zimewekewa maelezo mazuri ambayo waliokusudiwa hawakuweza kuyawasha, kwa sababu kitufe chake kilikuwa alama ndogo isiyo na jina kwenye kona ya picha.